Watoto wanajibembeza vizuri, ila wakianza kubingirika mbele wanatua na utosi. Hatua gani nimeiruka?

MwalimuDarasaLaPili

Habari za jioni wadau. Nafundisha watoto wa miaka 7 na 8, wako 32, na sasa tuko kwenye kubingirika mbele, kile watoto wenyewe wanachokiita kichwangomba. Nina mikeka miwili ya sponji ngumu, na nje kuna nyasi: sehemu tambarare na sehemu yenye mteremko mdogo.

Wiki mbili za kwanza tulifanya kujibembeza tu. Mtoto anakaa, anakunja magoti, anakumbatia miguu, kidevu kifuani, anajiachia nyuma mpaka mabega yaguse mkeka, kisha anarudi kukaa. Karibu wote waliweza, nikaona tuko tayari. Wiki ya tatu nikawaambia wachuchumae, waweke viganja chini, waingize kichwa na kubingirika.

Hapo mambo yakaharibika. Kama 12 waliweza. Waliobaki wengi wanaweka utosi chini, wanakwama pale kwa nukta moja, halafu wanaanguka kwa mgongo mzima, pwaa! Wengine wanapindukia ubavuni. Kuna binti nitamwita Kadogo. Huyu kwenye kujibembeza ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, nikawa namtumia kuwaonyesha wenzake. Kwenye kubingirika anaganda na utosi chini, miguu haitaki kuondoka ardhini, macho yanatazama mbele. Alisema shingo "imebana", nikasimamisha zoezi kwa darasa zima siku hiyo.

Shingo haikumsumbua tena. Lakini sitaki kurudia mpaka nielewe. Kama kujibembeza wanaweza, kwa nini kubingirika kunawashinda? Kuna hatua gani katikati?

BabaWawili

Mwalimu, jibu liko kwenye kidevu. Kidevu kikiachana na kifua tu, basi, mgongo unanyooka na kichwa kinatua vibaya. Wangu wawili niliwabanisha kipande cha sponji kati ya kidevu na kifua, nikawaambia kisianguke. Siku moja tu wakaweza.

Na mkeka mgumu wa nini? Mimi niliwawekea godoro la kitandani, lile nene. Mtoto akijua hataumia anajiachia. Hofu ndiyo inayomgandisha huyo Kadogo.

KochaMkongwe

Mwalimu, ulifanya vyema kusimamisha. Mtoto akikwambia shingo imebana, kazi ya siku hiyo imeisha.

BabaWawili, ndugu yangu, la sponji ya kidevu nakubali, na mimi naitumia. La godoro hapana. Godoro nene linabonyea. Viganja vinazama, kwa hiyo mikono haina mahali pa kusukumia, na kichwa kikigusa kinazama pia na kunaswa pale huku mwili ukiendelea kwenda mbele. Shingo ndiyo inayopata shida. Mkeka unaofaa ni ule ambao ukisimama juu yake kwa kisigino unabonyea kidogo tu na kurudi. Nyasi fupi juu ya udongo usio mkavu sana ni nzuri pia kuliko godoro.

Sasa swali lenyewe. Kujibembeza na kubingirika vinafanana mgongoni tu. Anayejibembeza ameanza amekaa: nyonga ziko chini, mgongo umeshagusa au unakaribia kugusa mkeka, na kichwa hakibebi chochote. Amejifunza kuwa duara. Hajajifunza jinsi ya kuliingia duara hilo kutoka juu.

Anayebingirika anatakiwa kwanza apandishe nyonga juu kuliko kichwa, abebe uzito kwa mikono, apitishe kichwa kati ya mikono hiyo, ndipo mgongo wa juu, hapa chini ya shingo, uguse mkeka. Akichuchumaa nyonga zikiwa chini, kichwa kinafika mkekani kabla nyonga hazijapanda. Utosi ndio unaotangulia. Hapo hata kidevu kikiwa kifuani hakimsaidii sana, maana hakuna kinachomsukuma avuke. Atakwama, kisha atapinduka akiwa amenyooka, na hiyo pwaa uliyoisikia ndiyo sauti ya mgongo bapa.

Kwa hiyo hofu ipo, lakini kwa Kadogo nahisi imekuja baadaye. Kwanza alikwama, ndipo akaogopa. Naomba unijibu mawili kabla sijaendelea. Wakati wa kujibembeza mikono yao ilikuwa wapi muda wote? Na waliposhindwa ulikuwa umesimama wapi, mbele yao au ubavuni?

Nyangumi

Samahani naingilia. Mimi nina miaka 34, nilijaribu kichwangomba juzi baada ya miaka mingi, nikafanya mara nane mfululizo, nikapata kizunguzungu cha nusu saa na kichefuchefu. Utotoni nilikuwa nafanya ishirini bila shida. Je, na mimi tatizo ni kidevu?

MwalimuDarasaLaPili

Kocha, mikono ilikuwa inakumbatia magoti muda wote. Sikuwahi kuwaambia waiweke kwingine. Na nilikuwa nimesimama mbele, mwisho wa mkeka, ili wabingirike kuja kwangu.

KochaMkongwe

Nilitegemea hivyo. Hama mbele, nenda ubavuni, upige goti moja usawa wa pale viganja vinapowekwa. Ukiwa mbele unaona kisogo na vumbi tu. Ukiwa pembeni unaona kama nyonga zimepita juu ya kichwa kabla kichwa hakijashuka, na mkono wako unafika ukihitajika. Tena anayesimama mbele humfanya mtoto amtazame, na akimtazama ameinua kidevu.

Kuhusu mikono: watoto wako wana wiki mbili za kujibembeza bila viganja. Rudisha zoezi lilelile, ubadilishe kitu kimoja. Mtoto akiwa anakwenda nyuma aachie magoti, apeleke mikono karibu na masikio, viwiko vikitazama juu, viganja vigonge mkeka kando ya kichwa, vidole vikielekea mabegani. Kisha arudi kukaa. Ile sekunde viganja vinapogonga, nyonga ziko juu na uzito uko kwenye mabega na viganja. Hilo ndilo umbo la katikati ya kubingirika, ila amelifikia kwa kurudi nyuma, bila hatari. Anayeweza mara 5 mfululizo bila kuyumba upande, huyo tayari. Anayeyumba, mkono mmoja unagonga kabla ya mwingine, na huyo ndiye atakayepindukia ubavuni baadaye. Utamjua mapema.

Bembea ya pili ni ya kusimama. Anakwenda nyuma, anarudi kwa kasi, visigino vinatua karibu kabisa na makalio, mikono inanyooshwa mbele, anasimama bila kushika chini. Wengi watashindwa mwanzoni kwa sababu miguu inatua mbali. Mwambie kitu kimoja tu, "visigino viguse makalio." Usimwambie mengi.

Baada ya hapo, usirudi kwenye kuchuchumaa. Tumia ule mteremko wako wa nyasi.

Sarakasi_Damu

Hapo kwenye kuchuchumaa nakubaliana na Kocha. Mimi naanza na miguu iliyotanuliwa. Mtoto anasimama wima miguu imepanuka kuliko mabega, anainama, anaweka viganja chini karibu na miguu, anachungulia nyuma katikati ya mapaja yake mwenyewe. Ukiinama hivyo nyonga tayari ziko juu, huna haja ya kuzipandisha. Na macho yakitazama nyuma kidevu kinakwenda kifuani chenyewe, hahitaji sponji. Mwambie atafute mtu aliye nyuma yake, amwambie ameonyesha vidole vingapi. Akikwambia "vitatu" anaegemea mbele kidogo, na ameshavuka.

Mteremko mimi siupendi. Mtoto anazoea kubebwa na mteremko, ukimrudisha tambarare anakuwa mgeni.

KochaMkongwe

Tumewahi kubishana hapa kwenye uzi mwingine, Sarakasi, na bado nasimama palepale. Miguu iliyotanuliwa ni nzuri, na mchezo wa vidole ni mzuri kuliko maelezo yangu yote. Lakini kwa mtoto aliyekwishaganda mara moja, mteremko unampa vitu viwili kwa pamoja. Viganja vinakuwa chini kuliko miguu, hivyo nyonga ziko juu kabla hajafanya lolote. Na uzito wake mwenyewe unamvusha, hana pa kukwama. Anahitaji avuke mara chache ajue mwili wake unavuka. Hapo ndipo unaupunguza.

Mteremko uwe wa kiasi. Kama ni ubao chini ya mkeka, kwa mkeka wa mita 1 na nusu nainua upande mmoja sentimita 25 hadi 30, si zaidi. Kwa nyasi, pima hivi: weka mpira. Ukianza kujiviringisha polepole na unaweza kuufuata kwa kutembea, sawa. Ukilazimika kukimbia, ni mkali mno, mtoto ataviringika mara mbili bila kutaka na ya pili haina mikono wala kidevu. Na mwisho wa mteremko pawe na tambarare ya kutosha, kusiwe na ukuta wala njia.

FundiViungo

Naongeza kwa upande wa mwili. Mwalimu, fanya kipimo kidogo. Waambie watoto wainue mikono wima, iguse masikio. Tazama viwiko viko wapi. Kwa mtu mzima viwiko vinapita utosi vizuri. Kwa mtoto mdogo kichwa ni kikubwa ukilinganisha na mikono, na kwa wengine viwiko vinaishia karibu na utosi. Maana yake, wakikunja viwiko kidogo tu wakiwa wameinamia mkeka, kichwa kimeshafika chini. Nafasi ya kupitisha kichwa ni finyu mno kwao. Ndiyo maana nyonga juu na kidevu ndani ni lazima zaidi kwao kuliko kwetu, na ndiyo maana wawili wa umri uleule, mmoja anaweza na mwingine hawezi, bila kuwa mvivu wala mwoga.

Nyangumi, wewe si kidevu. Sehemu ya sikio la ndani inayohusika na mizani ikikaa miaka bila mizunguko inapoteza mazoea. Ungefanya mara 2, ukasimama, ukatazama kitu kimoja kilichotulia mpaka dunia itulie, kisha ukarudia. Lakini kama kizunguzungu kinakuja hata ukigeuka kitandani, hiyo ni ya daktari.

Nyangumi

Kitandani hapana, ni siku ile tu. Asante sana. Kumbe nane zilikuwa nyingi.

MamaTunda

Mimi nina swali zito kidogo. Mwanangu ana sindromu ya Down, miaka 8, darasa lao wanafanya haya mazoezi na anayapenda kujibembeza kuliko kitu chochote. Mwalimu wake anasema asibingirike. Nimeumia, naona kama anatengwa. Hatua hizi za polepole si zingemfaa hata yeye?

FundiViungo

Mama Tunda, pole, na naelewa uchungu wako. Lakini kwa hili mwalimu wake yuko sahihi kusubiri. Baadhi ya watoto wenye sindromu ya Down wana ulegevu kwenye kano zinazoshika pingili mbili za juu kabisa za shingo. Ulegevu huo hauonekani kwa macho, na mtoto anaweza asilalamike. Kubingirika kunaikunja shingo kwa nguvu huku uzito ukipita juu yake, na hapo pingili ikiteleza inaweza kubana uti wa mgongo. Hatua za polepole haziondoi hilo, kwa sababu tatizo haliko kwenye ufundi.

Mpeleke kwa daktari anayemjua, umweleze hasa kwamba ni kubingirika mbele, usiseme "michezo" tu. Akikupa ruhusa, mpatie mwalimu kwa maandishi. Na ukiona mabadiliko ya mwendo, mikono kuwa dhaifu, kichwa kuinamia upande au mkojo kumponyoka wakati hakuwa hivyo, usisubiri miadi.

Kuhusu kujibembeza, muulize daktari hilo pia, siku hiyohiyo. Nako shingo inakunjwa mabega yanapogusa, ila kuna njia nyingine za kubembea ambazo shingo inabaki imetulia, na hizo zinaweza kumpa furaha ileile.

MamaTunda

Nashukuru. Hakuna aliyewahi kunieleza sababu, waliniambia tu "hapana." Sasa najua cha kumuuliza daktari.

BabaWawili

Kocha, nimeelewa la godoro, nitaliondoa. Ila hujasema kuhusu kumsaidia kwa mkono. Mimi nilikuwa nawashika kisogo nawasukuma chini kichwa kiingie. Ni vibaya?

KochaMkongwe

Usisukume. Shingo ya mtoto haitakiwi kupokea nguvu ya mtu mzima hata kidogo. Mkono wa karibu na kichwa unakaa juu ya kisogo kwa wepesi, unamkumbusha tu njia ya kuingia. Kazi inafanywa na mkono wa pili, ulio nyuma ya paja, karibu na kalio. Huo unainua nyonga juu na mbele. Ukiinua vizuri, utaona kichwa kinakuwa chepesi chenyewe, wakati mwingine nywele tu ndizo zinazogusa mkeka. Mimi nawaambia wasaidizi wangu, mkono wa paja una kazi, mkono wa kisogo una adabu.

Na mtoto mzito kuliko unavyoweza kumwinua kwa mkono mmoja, usimsaidie hivyo. Mpe mteremko na muda.

Mwalimu, kabla hujaanza tena: vibanio vya nywele vitolewe, nywele zilizofungwa kisogoni zihamishwe, hazina nafasi pale. Mifuko iwe mitupu. Nyasi zipitiwe kwa mikono, si kwa macho, kokoto haionekani. Na kama kuna umande acha, viganja vinateleza.

MwalimuDarasaLaPili

Wadau, nimerudi baada ya wiki tatu. Naeleza kwa urefu kidogo, maana mlinisaidia sana.

Wiki ya kwanza nilirudisha bembea na viganja kando ya masikio. Nilishangaa. Watoto niliodhani wanajua kujibembeza, zaidi ya nusu walikuwa hawawezi. Mikono ilichelewa, ilifika wakiwa tayari wanarudi. Wengine walipeleka mikono, kidevu kikafuata juu. Na wale watano waliokuwa wanapindukia ubavuni, wanne wao mkono wa kushoto ulichelewa kugonga. Kocha alisema nitawajua mapema, na kweli. Niliwafanya wagonge wakisikilizia sauti: ikisikika "pa" moja ni sawa, ikisikika "pa-pa" warudie. Hilo waliliweza kurekebisha wenyewe bila mimi.

Kipimo cha viwiko nilikifanya. Kadogo ni mmojawapo wa wale ambao viwiko vinaishia karibu na utosi. Nilijilaumu, maana nilikuwa nimemwona kama mtoto mwenye hofu.

Wiki ya pili tukaenda kwenye mteremko. Nilijaribu na mpira kwanza, sehemu ya juu ilikuwa kali nikaiacha, nikatumia mita tatu za chini. Nilichanganya mawazo ya Kocha na ya Sarakasi: miguu imetanuliwa, viganja upande wa chini, rafiki amesimama nyuma, upande wa juu, ameonyesha vidole. Kadogo alihesabu "vitatu" mara nne bila kuondoka. Sikumwambia kitu. Mara ya tano niliweka mkono nyuma ya paja, akasema "viwili," nikainua kidogo, akavuka. Hakukuwa na pwaa. Alikaa chini akaniuliza, "Nimepita?" Hakuhisi kichwa kugusa.

Siku hiyo alifanya mara tatu tu, nikamwambia apumzike ingawa alitaka aendelee. Kipindi kilichofuata alivuka bila mkono wangu.

Wiki ya tatu mkeka tambarare, miguu imetanuliwa. Hapa Sarakasi alikuwa na haki kiasi. Kama watoto saba waliovuka vizuri mteremkoni walikwama tambarare. Walikuwa wanasubiri kubebwa. Ilibidi niwafundishe kusukuma kwa vidole vya miguu, jambo ambalo mteremkoni hawakulihitaji. Kati ya 32, wanaovuka tambarare bila msaada sasa ni 25. Wanne bado wako mteremkoni, wawili bado kwenye bembea na sitawaharakisha. Mmoja ana maumivu ya sikio, yuko nje ya zoezi.

Kilichobaki ni kusimama. Wanavuka, halafu wanabaki wamekaa, au wanajisukuma kwa viganja nyuma. Kadogo pia. Bembea ya kusimama wengi waliiweza, sasa kwa nini baada ya kubingirika inawashinda?

Sarakasi_Damu

Hongera Mwalimu, na asante kwa kusema ukweli kuhusu wale saba.

Kusimama kunashindikana kwa sababu umewaanzisha na miguu iliyotanuliwa, na katikati ya safari hawaikusanyi. Mguu ulionyooka unapunguza kasi ya mzunguko, uliokunjwa unaiongeza. Waanze wamenyoosha, wasukume kwa nguvu, na nyonga zikishapita juu ya kichwa ndipo wakunje ghafla, visigino kwenye makalio. Waambie washike miundi yao kwa mikono miwili pale mgongo unapogusa, wajifunge kama mpira. Kasi itawasimamisha.

KochaMkongwe

La kukunja kwa kuchelewa ni sahihi kabisa. La kushika miundi silifundishi. Mtoto akishika, mikono inachelewa kuachia, anafika juu amejifunga, kifua kiko nyuma ya miguu, anarudi kukaa. Nataka mikono itoke mkekani iende moja kwa moja mbele, kana kwamba anampokea mtu kitu. Mikono ikienda mbele, kifua kinafuata, kichwa kinapita juu ya vidole vya miguu, amesimama.

Mweke rafiki mbele, hatua moja kutoka mwisho wa mkeka, amenyoosha viganja bila kuvuta. Kazi ya anayebingirika ni kuvigusa. Mbele hapo sasa hakuna ubaya, maana anayetazamwa anaonekana baada ya kichwa kupita, si kabla.

Sarakasi_Damu

Kocha, wangu wote wameanza kwa kushika miundi na wanasimama. Wakishazoea kasi, mikono inaachia yenyewe.

KochaMkongwe

Na wangu hawajawahi kushika, na wanasimama. Mwalimu ana watoto 25, agawe nusu kwa nusu atuambie.

MwalimuDarasaLaPili

Nitafanya hivyo kuanzia kipindi kijacho, 12 washike, 13 wafikie viganja vya rafiki. Kadogo nitamweka kwenye viganja, kwa kuwa kukumbatia magoti ndiko kulikomchelewesha tangu mwanzo.

BabaWawili

Mwalimu, na sauti je? Wakati wa kusimama kuna sauti ya kusikiliza kama ile ya viganja? Wangu wanaelewa zaidi wakisikia kuliko wakiambiwa.

KochaMkongwe

Ipo. Sikiliza nyayo. Zikitua zote mbili pamoja, taratibu, karibu na makalio, atasimama. Ukisikia visigino vinagonga kwa nguvu, vimetua mbali, na hata kabla hujamtazama ujue amebaki amekaa.